Maji yanayoganda ukiyagonga: maswali ninayoulizwa tangu siku ile ya chupa

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule moja ya Eastlands. Muhula uliopita niliingia darasani na chupa ya maji ya dukani, maji meupe kabisa, nikaigonga mezani, na barafu ikashuka ndani yake kutoka shingoni hadi kitako huku watoto wakihesabu. Tangu siku hiyo sina raha. Wanafunzi wananifuata kwenye korido, wazazi wananiuliza kwenye mkutano, na mama mwenye duka hapa chini ya ploti yetu ana malalamiko yake. Nimeyaandika majibu hapa ili nipumue kidogo.

Mwalimu, kugonga kunaleta baridi kutoka wapi?

Hakuleti baridi yoyote. Baridi ilikuwa ndani ya chupa tayari. Maji yale yalikuwa nyuzi 7 chini ya sifuri tangu yalipotoka kwenye friza, ila yalikuwa bado ni maji. Yalikuwa yamepita kiwango cha kuganda bila kuganda, na kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja tu: mahali pa kuanzia. Kugonga kulikipatia.

Lakini tulifundishwa maji huganda kwa nyuzi sifuri. Tulidanganywa?

Hamkudanganywa, ila sentensi ilikatwa katikati. Sifuri ni kiwango ambacho barafu na maji vinaweza kukaa pamoja bila mmoja kummaliza mwenzake. Ukiwa na kipande cha barafu ndani ya maji na ukateremka chini ya sifuri, barafu itakua. Kama hakuna barafu hata chembe, sifuri haina amri. Maji yanateremka hadi nyuzi 3 chini, 5, 8, na yanaendelea kumwagika kama kawaida.

Sababu ni kwamba kipande cha kwanza cha barafu kina shida ya kuzaliwa. Molekuli za maji hazitulii. Kila mara kundi dogo hujipanga kwa mpango wa barafu kisha hutawanyika. Kundi dogo lina uso mkubwa ukilinganisha na mwili wake, na molekuli za usoni hazijashikwa vizuri, kwa hiyo linayeyuka kabla halijakua. Lazima kundi lifikie ukubwa fulani ndipo kukua kuwe rahisi kuliko kuvunjika. Kwa nyuzi 7 chini ya sifuri, ukubwa huo ni makumi ya maelfu ya molekuli zilizojipanga kwa pamoja, kwa bahati tu. Hicho ndicho ninachokiita mbegu ya barafu.

Anayepanda matatu katikati ya jiji atanielewa haraka. Gari tupu likisimama stejini, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia. Atakaa humo nusu saa. Watu wanachungulia, mmoja anaingia, anaona yuko peke yake, anashuka. Lakini wakishakuwa saba au wanane wameketi, gari linajaa kwa dakika mbili. Ndiyo maana kuna vijana wanaolipwa waketi ndani wajifanye abiria. Vumbi ndani ya maji hufanya kazi ya vijana hao: chembe fulani ina uso ambao molekuli za maji zinaweza kujipanga juu yake kana kwamba barafu imeshaanza. Maji yenye chembe kama hizo huganda mapema. Maji safi hayana abiria wa uongo, kwa hiyo yanakaa stejini.

Yanaweza kushuka hadi wapi?

Kwenye chupa ya nusu lita ya dukani, mara nyingi yatakuponyoka mahali fulani kati ya nyuzi 5 na 10 chini ya sifuri, kwa sababu katika nusu lita hakukosi chembe moja mbaya. Matone madogo sana kama ya mawingu yanaweza kufika karibu nyuzi 38 chini ya sifuri kabla hayajaganda yenyewe bila msaada wa kitu chochote. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo mbegu inayohitajika inavyokuwa ndogo, mpaka bahati peke yake inatosha.

Sasa kugonga kunapandaje hiyo mbegu?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ndilo ambalo wengi hujibu kwa kubahatisha. Watu husema "unayashtua maji", kana kwamba maji yana moyo.

Anza na kitu unachoweza kukijaribu. Chukua chupa iliyofika nyuzi 7 chini, uiinamishe polepole kushoto na kulia. Maji yanatembea, hayagandi. Unaweza hata kuifungua kwa uangalifu na kumimina. Kwa hiyo kutembea tu si sababu. Kinachotakiwa ni mshtuko mkali na mfupi.

Kitako cha chupa kinapopiga meza, chupa inasimama ghafla lakini maji hayasimami sawasawa nayo. Mahali fulani yanasukumwa, mahali pengine yanavutwa, na pale yanapovutwa hufunguka viputo vidogo mno. Mara hiyo hiyo viputo hivyo vinafunga tena. Kiputo kinapofunga, maji ya pande zote yanakimbilia katikati na kugongana, na kwa muda mfupi sana sehemu hiyo ndogo inapata mgandamizo mkubwa ajabu. Katika maji ambayo tayari yako ukingoni, msukosuko huo unatosha kuzalisha mbegu. Hatua ya mwisho kabisa, yaani ni namna gani kiputo kinachofunga kinazipanga molekuli, wanasayansi bado wanabishania. Kwamba viputo vinaweza kuanzisha barafu, hilo limeonekana kwenye maabara mara nyingi, hasa kwa kutumia sauti nyembamba mno ambazo sikio halizisikii.

Kuna njia nyingine ya uhakika zaidi isiyohitaji kugonga: dondosha punje ya barafu ndani. Hapo humpi maji bahati, unampa mbegu iliyokomaa. Chupa ikikataa kugongwa, punje ya barafu haikataliwi. Hata baridi ya juu ya kifuniko, ule utando mweupe wa friza, ukianguka kidogo ndani, kazi imekwisha.

Nifanyeje nyumbani? Nimejaribu mara tatu napata jiwe tu.

Unaacha muda mrefu mno, au chupa zako zinagusa ukuta wa friza. Ngoja nikueleze Jumamosi moja ilivyokwenda kwangu, pamoja na makosa yake.

Nilinunua chupa sita za nusu lita, maji yaliyochujwa, vifuniko havijafunguliwa. Chupa iliyofunguliwa imeshaingia vumbi. Nilizipangusa, nikazisimamisha katikati ya friza ya kufungukia juu ambayo ndani ilikuwa nyuzi 17 chini ya sifuri. Chupa ya saba niliifungua, nikaingiza kipimajoto cha pombe nyekundu, nikaiziba mdomo kwa plastiki. Hiyo ndiyo ilikuwa shahidi wangu. (Kipimajoto cha zebaki usikitumie, kikivunjika una shida kubwa kuliko barafu.)

Maji yalianza yakiwa nyuzi 22, saa 2 asubuhi. Saa 3 na dakika 35 shahidi alisoma sifuri. Hapa ndipo mtu asiye na kipimajoto hupotea, maana chupa haionyeshi tofauti yoyote. Saa 4 na dakika 5 ilikuwa nyuzi 4 chini, na saa 4 na dakika 35 ikawa nyuzi 7 chini. Jumla ni saa mbili na nusu na dakika tano hivi. Angalia kwamba kila nyuzi inachukua muda zaidi kuliko iliyotangulia, kwa sababu maji yanazidi kukaribia baridi ya friza yenyewe.

Nikafungua kifuniko cha friza polepole. Chupa moja ilikuwa imelala kwenye ukuta bila mimi kujua, lebo imenata kwenye utando mweupe, na ndani ilikuwa na ukungu na vipande. Hiyo ilianza kuganda ubavuni, palipokuwa na baridi kali kuliko katikati. Ya pili niliipandisha vizuri, halafu kiwiko changu kikagonga ukingo wa friza, ikageuka barafu mkononi. Mke wangu akacheka kuliko ilivyostahili. Tatu zilifika mezani salama, na zote tatu ziligeuka nilipozigonga, moja kwa pigo la kwanza, mbili kwa la pili. Ya sita niliirudisha ndani makusudi nione itavumilia mpaka lini. Baada ya dakika arobaini niliikuta imejaa vipande yenyewe.

Friza yako si yangu, kwa hiyo usinakili saa zangu. Tafuta saa zako kwa chupa moja ya shahidi, siku moja, kisha ziandike mlangoni.

Nitajuaje chupa imefaulu kabla sijaigonga?

Itazame dhidi ya mwanga. Iliyofaulu ni safi kama ilivyokuwa dukani. Iliyoshindwa ina ukungu, au pete ya barafu juu pale maji yanapokutana na hewa, au majani membamba yanayoelea ukiiinamisha. Kama una kipimajoto ndani, dalili ni wazi zaidi: chupa inayoganda haiwezi kusoma nyuzi 7 chini. Itakuwa imeruka na kurudi sifuri.

Kuruka na kurudi sifuri? Barafu inapasha joto?

Ndiyo, na hapa ndipo watoto wangu hubisha sana. Maji yanapokuwa barafu hutoa joto. Ni joto lile lile unalolazimika kulilipa unapoyeyusha barafu, sasa linarudishwa. Gramu moja ya maji ikiganda hutoa jouli 334. Kupasha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji jouli 4.2 tu.

Sasa piga hesabu ya chupa yangu. Gramu 500 za maji zilizo nyuzi 7 chini ya sifuri zinahitaji jouli 4.2 mara 500 mara 7 ili zifike sifuri, yaani jouli 14,700. Joto hilo linatoka kwenye barafu inayozaliwa. Gawanya 14,700 kwa 334, unapata gramu 44. Zikishaganda gramu 44, chupa nzima imefika sifuri na hakuna tena baridi ya ziada ya kuendeleza kazi. Zilizobaki, gramu 456, ni maji.

Ndiyo maana unapata uji wa barafu, hupati jiwe. Chupa inaonekana imeganda yote kwa sababu barafu hii hukua kama manyoya na majani membamba yanayosambaa kila upande na kuyashika maji katikati yake, kama sifongo. Bonyeza chupa utasikia laini. Ili nusu lita igande yote kwa pigo moja ungehitaji maji ya karibu nyuzi 80 chini ya sifuri, na hakuna chupa inayofika huko ikiwa bado maji.

Na si "papo hapo" kama video za mtandaoni zinavyodai. Barafu hutembea sentimita chache kwa sekunde katika baridi hii. Ndiyo maana watoto waliweza kuhesabu.

Maji ya mfereji yanafaa?

Mara chache. Maji yetu ya Nairobi mengi yanatoka Ndakaini, yanasafishwa kwa ajili ya kunywa, si kwa ajili ya mchezo huu. Kisha yanapita kwenye mabomba ya miaka mingi na tangi la plastiki juu ya paa. Kila kituo kinaongeza abiria wa uongo. Kuchemsha hakuondoi chembe, kunaua vijidudu tu. Nilijaribu chupa nne za mfereji. Moja tu ilipita nyuzi 5 chini ya sifuri.

Stima ikipotea katikati ya jaribio?

Usifungue friza. Maji yatapata joto polepole na hayatadhurika. Hatari ipo stima inaporudi: kompresa inawaka kwa mtikisiko, na friji za zamani hutikisika kama posho mill. Chupa iliyokaribia ukingo inaweza kugeuka hapo hapo.

Asiye na friza, au aliyechoka na stima, anaweza kutumia beseni. Ponda barafu, changanya vikombe vitatu vya barafu na kikombe kimoja cha chumvi ya kawaida, koroga. Mchanganyiko huo hushuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri bila shida. Simamisha humo bomba la kioo la maabara lenye maji safi na kipimajoto, usilitikise, na usiruhusu punje ya barafu iingie. Kwa darasa hii ni bora kuliko friza, maana watoto wanaona kipimajoto kikishuka, kisha kikiruka juu.

Mimi nina duka. Mteja alifungua maji yakageuka barafu mkononi, akasema nimemuuzia kemikali. Nimjibu nini?

Huyu ni mama wa lile duka la chini ya ploti yetu, na alikuwa na hasira ya haki. Mteja alirudisha chupa mbele ya foleni.

Mama, mwambie maji yako ni safi, na hiyo ndiyo sababu yenyewe. Friji yako imewekwa kwenye namba ya juu, na chupa za nyuma, karibu na bamba la baridi, zinapita sifuri bila kuganda. Mteja anazungusha kifuniko kwa nguvu, chupa inatikisika, barafu inaanza. Akiacha chupa mezani kwa muda, itayeyuka na kuwa maji yale yale. Kemikali hairudi kuwa maji. Kama hutaki maelezo kila siku, punguza namba moja na usogeze chupa mbele.

Na soda?

Soda hufanya hivyo kirahisi zaidi unapoifungua. Sukari na gesi iliyoyeyuka ndani huteremsha kiwango cha kuganda kidogo, na ukiifungua gesi inatoka: viputo vinajaa na kiwango kinapanda kidogo, vyote kwa wakati mmoja. Lakini chupa ya kioo usiiache kwenye friza ukaisahau. Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9, na kioo hakinyooki.

Ni salama kunywa?

Ule uji, ndiyo, ukitoka kwenye chupa iliyokuwa imefungwa. Maji yaliyo nyuzi 7 chini ambayo bado hayajaganda usiyagugumie. Yamimine juu ya barafu kwenye bilauri, yatajijenga kama mnara mdogo, na hapo una mchezo mwingine. Chupa ya shahidi mwagia mimea.

Hii ndiyo athari ya Mpemba?

Hapana, ni majirani tu. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi Tanganyika mwaka 1963, katika shule ya Magamba, alipoona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu wake alimwambia amekosea. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Miongoni mwa maelezo yaliyopendekezwa ni hili letu: huenda vyombo viwili vinapita sifuri kwa viwango tofauti kabla ya kupata mbegu, na anayepata mapema ndiye anayeonekana kushinda. Ndiyo maana mashindano ya kuganda ni magumu kuyarudia ukapata jibu lile lile. Nikiwa mwalimu, sehemu inayoniuma ni ile ya mwalimu wake.

Nairobi iko juu. Inabadilisha kitu?

Kwa kuchemsha, ndiyo: hapa maji huchemka karibu nyuzi 95. Kwa kuganda, tofauti haifiki hata sehemu moja ya mia ya nyuzi. Isahau.

Nani aliona jambo hili kwanza?

Aliyeliandika mapema ni Daniel Gabriel Fahrenheit, yule wa vipimajoto, katika ripoti iliyochapishwa London mwaka 1724. Aliweka maji ya mvua kwenye chombo cha kioo kilichoondolewa hewa, kwenye baridi ya karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, akalala. Asubuhi yalikuwa bado maji. Alipovunja ncha ya chombo, barafu ikatokea. Baadaye, akiwa amebeba chombo kingine, alijikwaa ngazini na kikajaa barafu mkononi mwake. Kiwiko changu kina ukoo mzuri.

Je, hapa Kenya hutokea popote bila friji?

Kila wiki, juu ya vichwa vyetu. Wingu refu la mvua la mchana lina sehemu ya juu iliyo chini ya sifuri, na matone mengi huko ni maji ambayo hayajaganda. Kericho na Nandi Hills wanajua matokeo yake: mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Matone hayo yakikutana na punje ya barafu huigandia, punje inanenepa, inaanguka.

Wakulima wakubwa wa chai waliwahi kujaribu kuyaingilia mawingu hayo kwa ndege zilizotawanya iodidi ya fedha, ambayo fuwele zake zinafanana sana na za barafu kwa mpangilio. Ni abiria wa uongo wa kulipwa, wengi kwa pamoja, ili matone yagande mengi na madogo badala ya machache na makubwa.

Na mwaka 1982 watafiti walichapisha habari iliyonifurahisha nilipoisoma: takataka za majani ya chai ya Kenya, yale yaliyooza chini ya miche, zina chembe nzuri mno za kuanzisha barafu. Bakteria wa aina ya Pseudomonas syringae wanaoishi kwenye mimea wanaweza kugandisha maji kwa nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Wachumaji wanapita, vumbi la majani linanyanyuka, upepo wa mchana unalipandisha hadi mawinguni.

Nimegonga mara kumi, hakuna kitu. Kwa nini?

Uwezekano mkubwa ni kwamba maji yako hayajapita nyuzi 4 chini ya sifuri. Karibu na sifuri mbegu inayotakiwa ni kubwa mno na pigo halitoshi. Irudishe dakika ishirini, mbali na ukuta, kisha igonge kwenye sakafu ya saruji, si kwenye godoro kama alivyofanya mwanafunzi wangu mmoja aliyeogopa kuamsha mtoto.